Naomba ushauri: Bibi hasikii vizuri, na nikipaza sauti ndiyo anazidi kuelewa vingine

Mjukuu wa Tandahimba
Wakuu, habari za jioni. Naishi na bibi yangu, hapa Tandahimba. Umri umekwenda na masikio yamechoka. Kila nikizungumza naye napaza sauti mpaka majirani wanadhani namgombeza, na bado anaelewa vingine. Leo namwambia hivi, kesho anasimulia vile. Kuna jambo la kifamilia anatakiwa alielewe vizuri kabla ya Jumamosi. Nifanyeje anisikie? Nimnunulie kile kifaa cha sikioni?

Kipanga Masasi
Kijana, mshukuru Mungu unaye. Sisi wengine bibi zetu tumeshawazika. Mtu aliyekulea humpazii sauti hata kama hasikii. Kuwa na subira.

Bahari Beach Boy
Msogelee sikioni, ongea taratibu sana, silabi moja moja. Bi-bi-nji-a-kwa. Mimi babu yangu namfanyia hivyo na tunaelewana.

Fundi Seremala LD
Mzee wangu alilala anasikia, akaamka sikio la kushoto limekufa. Tukasema mafua hayo, yataisha. Tulipompeleka hospitali wiki kadhaa zilikuwa zimepita, tukaambiwa tungewahi mapema. Hajarudi kuwa sawa hadi leo. Jamani sikio likizima ghafla kimbieni siku hiyo hiyo.

Mama Rondo
Nimefanya kazi kliniki ya masikio miaka mingi, sasa nimestaafu, niko Lindi. Alichosema Fundi ni kweli, kishikeni. Mjukuu, nijibu matatu. Bibi alianza ghafla au polepole? Ametazamwa kama masikio yana nta? Na akielewa vibaya, anakosea neno gani? Nipe mfano mmoja wa kweli, usinipe habari ya jumla.

Mjukuu wa Tandahimba
Polepole, miaka sasa. Nta walimtoa kituo cha afya, ikasaidia kidogo tu. Mfano ni maneno ya kawaida ya nyumbani. Kinachonishangaza, bodaboda ikiwa bado barabarani anaisikia na anasema huyo fulani anakuja.

Mama Rondo
"Ya kawaida" ni yapi, baba? Jambo la Jumamosi ni lipi?

Mjukuu wa Tandahimba
Sawa. Tunakodisha mikorosho ya bibi kwa tajiri mmoja. Nilimwambia bibi kwamba tajiri atatupa laki sita, akasema haya. Sasa amemwambia shangazi ni laki tisa. Shangazi anasema laki tatu nimekula mimi. Jumamosi wanakuja wote. Na kabla hamjaanza kunihukumu: nusu nimeshapokea, salfa ilitakiwa inunuliwe na bei haisubiri mtu. Bibi alikubali mwenyewe.

Mzee wa Chai
Hii ni chai, wakuu. Bibi anasikia bodaboda iliyo barabarani lakini hamsikii mjukuu aliye mbele yake? Halafu "hasikii" mpaka ifike kwenye hela. Ama bibi anajifanya, ama hakuna bibi. Mleta uzi anataka kujisafisha kwa shangazi yake.

Kipanga Masasi
Na mimi nilianza kunusa. Mwanzo ulisema jambo la kifamilia, kumbe ni hela.

Mama Rondo
Hela sizijui, mtazimaliza wenyewe. Ila habari ya bodaboda ndiyo inayonifanya nimwamini. Uzee huanza kula sauti nyembamba. Mngurumo wa injini ni sauti nzito, anaupata. Irabu nazo zina nguvu, anazipata. Zinazopotea ni s, f, sh, t, k, na hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Kwa hiyo anakusikia kabisa kwamba unaongea, ila hajui umesema nini. Ndiyo maana watu wengi wanadhaniwa wanajifanya.

Sasa chukua sita na tisa. Irabu ni zile zile, i halafu a. Zilizobaki ni s na t, zimebadilishana nafasi tu. Na zote mbili zinatamkwa nyuma ya meno, kwa hiyo hata akikutazama mdomoni hapati tofauti. Ukipaza sauti unazipa nguvu irabu, ambazo hakuzikosa. Jaribu mwenyewe kuipigia kelele s uone kama inakwenda mbali. Na sikio la namna hiyo, sauti ikizidi kidogo tu linauma, anakunja uso, nawe unadhani amekasirika. Ulikuwa umekaa wapi ulipomwambia?

Mjukuu wa Tandahimba
Nilisimama mlangoni, yeye yuko ndani mkekani. Jioni. Redio ya jirani ilikuwa inalia.

Mama Rondo
Basi mwanga ulikuwa mgongoni kwako na uso wako alikuwa anauona kama kivuli. Kaa chini kama yeye, uso kwa uso, hatua moja au moja na nusu, mwanga ukuangukie wewe. Redio izimwe kwanza. Mwite, ngoja akutazame ndipo uanze. Taja habari yenyewe mapema: "Bibi, nataka tuzungumze habari ya mikorosho." Hapo anajua ategemee maneno gani. Sema sentensi fupi kwa sauti yako ya kawaida, taratibu kidogo, upumzike kati ya sentensi na sentensi.

Bahari, kukaribia ni kuzuri, sauti inapungua kwa umbali. Lakini ukiwa sikioni uso wako haupo tena. Na silabi moja moja inaliua neno, mdomo unacheza vingine kabisa.

Akikosa, rudia mara moja. Akikosa tena, badilisha maneno. Usiseme tena laki sita, sema "laki tano, halafu ongeza moja". Tano na moja hazifanani, wala kwa irabu wala mdomoni. Onyesha na vidole. Mwisho usimuulize "umeelewa?", atasema haya kwa adabu tu. Muulize "Bibi, kwa hiyo tajiri anatupa ngapi?" Akitaja mwenyewe, umepata. Kifaa baadaye, kwa aliyempima usikivu, si cha kuokota dukani.

Bahari Beach Boy
Babu yangu huwa anaitikia haya kwa kila kitu. Sasa nimeanza kuogopa.

Mjukuu wa Tandahimba
Nimerudi. Ijumaa asubuhi nilikaa naye barazani kama Mama Rondo alivyosema. Mara ya kwanza akasema tisa. Nikasema tano uongeze moja, nikaonyesha vidole. Akanyamaza, akasema, "Sita? Kidogo hiyo." Kisha nikamuuliza misimu mingapi. Akasema mmoja. Tumeandikiana na tajiri miwili. Lakini alisema haya mbele ya mjomba! Na salfa imeshapigwa. Siwezi kurudi nyuma sasa.

Mzee wa Chai
Chai imeongezwa sukari.

Fundi Seremala LD
Mimi nimemwamini. Ila ndugu, huo msimu wa pili hakuusikia.

Mjukuu wa Tandahimba
Kwa hiyo nifanyeje na hela ya watu?

Mama Rondo
Hilo la tajiri mshirikishe mjomba na shangazi, mimi si mwenyekiti wa kijiji. La Jumamosi ni hili. Kaeni asubuhi, jioni masikio na akili vinakuwa vimechoka na kusikiliza. Watu wachache. Shangazi akae mbele ya bibi, si pembeni. Aongee mmoja mmoja, na anayetaka kuongea anyanyue mkono bibi amgeukie kwanza. Msimu mmoja na misimu miwili mwonyesheni kwa vidole, halafu mumwache aseme yeye.