Kitabu cha mapishi ya mama: picha kila pishi au zote katikati?

Binti_Pangani
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka maana mpiga chapa anataka faili Jumatatu. Nimekusanya mapishi ya mama yangu, nataka kuyatoa kitabu, nimekwama kwenye mpangilio. Chaguo la kwanza: kila pishi liwe na picha yake kwenye ukurasa unaolitazama. La pili: maandishi yaende mfululizo, picha zote zikae pamoja katikati. Dada yangu anataka la kwanza, mimi naona la pili lina nafuu. Ninyi mngechagua lipi?

Kipanga
Mapishi mangapi? Karatasi ukubwa gani? Nakala ngapi? Umeandika kwenye nini? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mama Shamsa
Picha kila pishi, mwanangu. Mkwe wangu hapiki kitu ambacho hajakiona. Akifungua ukurasa wenye maandishi matupu anaufunga.

Binti_Pangani
Samahani, nilisahau. Mapishi 28, karatasi A5, nakala 100, nimeandika kwa Word. Picha ni za simu, nyingi dada alinitumia kwa WhatsApp.

Fundi_Kurasa
Sasa tunaweza kuhesabu. Chaguo la kwanza ni kurasa 56, ongeza kama 8 za utangulizi na yaliyomo, zinakuwa 64. Picha zinatawanyika kitabu kizima, kwa hiyo karibu kila karatasi itapita kwenye rangi. Chaguo la pili, kama kila pishi linaenea ukurasa mmoja, ni 28 na 8 za mwanzo, jumla 36, halafu kurasa 8 za picha: 44. Rangi inabaki kwenye karatasi mbili tu za A4 zilizokunjwa, nazo unaweza kuzitaka za kung'aa. Hesabu zote mbili zinagawanyika kwa 4, na lazima iwe hivyo, la sivyo utapata kurasa tupu mwishoni.

Ukichagua la kwanza, kila pishi lazima lianzie ukurasa wa namba shufwa, yaani wa kushoto. Usisukume kwa kubonyeza Enter. Tumia Layout > Breaks > Even Page. Siku ukiongeza ukurasa mmoja wa shukrani mwanzoni bila kufanya hivyo, kila kitu kinasogea: picha ya samaki wa kupaka inajikuta inatazamana na maandazi, na pishi lenyewe liko nyuma yake.

Kipanga
Na hizo picha za WhatsApp ziangalie kwanza. Picha ya kujaza ukurasa wa A5 inataka pikseli kama 2480 kwa urefu ili itoke safi. Mwambie dada akutumie tena kama Document, siyo kama picha.

Mzee wa Kibaba
Mabinti, mnazungumza picha, mimi niwaambie kilichonipata. Tulitengeneza kitabu cha mapishi cha kikundi chetu, akina mama kumi na wawili, kila mmoja kaandika kwake. Mimi ndiye niliyekusanya. Ili kubana nafasi nikafupisha: kikombe nikaandika "k", na kijiko nacho "k". Kichwani mwangu ilieleweka, kwani nani atatia kikombe cha chumvi? Lakini kwenye vileja palikuwa na "samli k 1". Mmoja anatia kijiko, unga haushikani, unamwagika kama mchanga. Mwingine katia kikombe, vikatoka vizuri. Simu zikaanza. Nikagundua pia kwamba mama mmoja kikombe chake ni kile cha chai cha bati, mwingine ni cha plastiki cha kupimia, chenye mililita 250. Nilivijaza maji nikamimina kimoja ndani ya kingine: cha bati kilipungua karibu robo. Nakala zote zilikuwa zimeshatoka. Tulikaa siku mbili tunasahihisha kwa kalamu, kitabu kimoja kimoja.

Kwa hiyo andika neno zima: kikombe, kijiko cha chai, kijiko cha chakula. Na ukurasa wa mwanzo useme kikombe chako ni mililita ngapi.

Jiko la Kisauni
Pole sana mzee. Ndiyo maana mimi nasema gramu tupu, vikombe viondoke kabisa.

Mama Shamsa
Gramu! Nani ana mizani jikoni? Sisi tulipimiwa kwa kibaba na pishi, na watu walishiba.

Jiko la Kisauni
Basi viandikwe vyote viwili, kikombe kwanza kisha gramu, mradi mpangilio uwe uleule kitabu kizima.

Fundi_Kurasa
Hapo nakubaliana naye, ila kwa vitu vikavu tu. Tui na maji ni mililita. Binti, tuwekee pishi moja ulivyoliandika.

Binti_Pangani
Mkate wa kumimina. "Mahitaji: vikombe 2 vya mchele uliolowekwa, sukari, hamira kijiko cha chai 1, iliki, tui kikombe 1 na nusu."

Fundi_Kurasa
Angalia mstari wa kwanza. "Vikombe 2 vya mchele uliolowekwa" maana yake unaloweka kwanza, kisha unapima, na mchele ukishalowa unajaa kikombe zaidi. Kama mama anapima mkavu, andika "mchele vikombe 2 (gramu 400), ulowekwe usiku kucha". Mahali pa neno hilo panabadilisha mkate. Pia sukari haina kipimo.

Halafu panga mahitaji kwa jinsi yanavyoingia: mchele, tui, hamira, iliki, sukari. Ukimaliza, shika penseli, soma hatua, na kila kitu kinapotajwa kikate kwenye mahitaji. Kikibaki kisichokatwa, umesahau hatua. Kikitajwa kisichokuwepo, umesahau hitaji. Nina hakika hatua yako ya mwisho inasema "paka sufuria mafuta", na mafuta hujayaandika.

Binti_Pangani
Ni kweli, hayapo! Na tatizo jingine: namba za hatua. Pishi la pili linaanzia 7, la tatu 15.

Jiko la Kisauni
Zima namba za Word, andika kwa mkono. Mimi ndivyo ninavyofanya.

Fundi_Kurasa
Kwa pishi moja ni sawa. Kwa 28, siku ukiongeza hatua ya 3 utabadilisha zote zinazofuata. Kwa haraka, bofya kulia juu ya 7, chagua Restart at 1. Kwa uhakika, tengeneza Define New Multilevel List: ngazi ya 1 iunganishwe na Heading 1 ya jina la pishi na namba yake uifute, ngazi ya 2 iunganishwe na staili ya hatua, na Restart list after iwe Level 1. Kila jina jipya, hatua zinaanza 1 zenyewe.

Mama Shamsa
Huo mkate wa kumimina mbona hauna ute wa yai? Bila ute haupandi.

Mzee wa Kibaba
Kwetu hatutii yai. Tui zito na hamira vinatosha, ukiuacha uumuke vizuri.

Mama Shamsa
Basi ni mkate mwingine huo.

Kipanga
Binti, umeuliza jalada? Gundi haikubali kitabu kilale wazi mezani, utakuwa unakishika kwa kiwiko huku mikono ina unga. Spairo inalala, lakini haina mgongo wa kuandika jina.

Binti_Pangani
Dada kasikia hesabu ya rangi, amenyamaza. Ila mama hataki spairo, anasema inafanana na daftari. Kesho asubuhi nampimia kikombe chake kwa maji kwanza. Mzee, hicho cha bati chenu kilikuwa kile chenye ukingo wa bluu?

Mzee wa Kibaba
Ndicho. Na vipo vya ukubwa tofauti, usipime kimoja tu.