Mrejesho: ukalimani fuatizi kwenye kikao cha kahawa, Moshi

Niliuliza: "Niko fildi, nitakalimani kati ya wakulima na mnunuzi anayeongea Kiingereza. Niandike nini, na nikikwama je?"

Asanteni wakuu, ushauri umefanya kazi. Daftari dogo la ringi linafaa kuliko karatasi za kuchezacheza. Pembeni kushoto acha nafasi ya viunganishi tu: "ila", "kwa sababu", "kama". Ukivikosa hivyo, sharti linageuka ahadi. Mzungumzaji akinyamaza, piga mstari kukata ukurasa, usije ukasoma ya zamu iliyopita.

Mfano, mnunuzi anasema atachukua magunia 50 ya kilo 60 kabla ya Oktoba, unyevu usipozidi asilimia 12. Andika tarakimu papo hapo, kila moja na kipimo chake, kisha mengine kwa kushuka:

```
       mnunuzi → 50 gunia (60 kg)
          < Okt
kama         unyevu ≤ 12%
```

Kwa Kiingereza 15 na 50 hufanana mno masikioni, hasa feni ikiwa inanguruma. Ukitilia shaka, uliza kabla hujaanza kutafsiri: "Mkalimani anaomba kuhakikisha: ni moja-tano au tano-sifuri?" Jitaje "mkalimani", maana ukikalimani, "mimi" humaanisha mzungumzaji, si wewe. Halafu waambie wakulima ulichouliza, wasidhani mnateta. Kama umeshatamka 15, sema wazi "mkalimani anasahihisha, ni 50", kwa pande zote mbili, kabla bei haijajadiliwa.