Naomba ushauri: Atieno au Otieno kwenye daftari la babu?

Hamjambo wanajamii. Niko Ahero, Kisumu, nanakili daftari la marehemu babu, aliyekuwa mwandishi wa kikundi cha mazishi. Mwandiko wake ni wa kuunganisha, na herufi zinanichanganya.

U na n nimezimudu. Mikono ya n yake haina tao juu, ni bonde tu kama u, lakini neno lenyewe huamua: "Onma" si jina, basi ni Ouma. Shida ni a na o. A kubwa anaiandika kama a ndogo iliyovimba, na Atieno na Otieno yote ni majina halali. Ukikosea, umebadilisha mwanamke kuwa mwanamume, na mchango unahamia kwa mtu mwingine!

Nilianza na mistari 11 aliyoandika kwa Kijaluo "nyar", yaani binti wa, au "wuod", yaani mwana wa kiume wa, baada ya jina, kwa kuwa hapo jinsia inajulikana. Nikaona a yake ina kijiti cha kulia kinachoshuka hadi mstarini, ndipo kalamu ipande kwenda t. Kwenye o, kalamu hutokea juu na kwenda moja kwa moja. Alipoandika kwa haraka, kijiti kinaishia katikati, na hapo ndipo nimekwama kwa majina 6.

Je, nikichunguza mahali duara linapofungwa, juu au kulia, nitapata jibu la kuaminika? Na kwa yasiyosomeka, niandike herufi zote mbili au niache alama ya kuuliza?