Waume mliorithi wake zenu, mlipata nusu au robo? Tupeane uzoefu

Mgane wa Wete
Asalam alaykum. Mke wangu alifariki mwaka jana. Hatukujaaliwa kuzaa, na siku shemeji aliponiita barazani tuzungumze mirathi nilikwenda na nusu yangu kichwani. Aya naijua: mume hupata nusu mke asipoacha mtoto. Nilichosahau ni binti yake wa mume wa kwanza, keshaolewa yuko Chake. Shehe aliyetugawia akaniuliza swali moja tu: "Marehemu ameacha mtoto?" Hakuuliza mtoto wa nani. Nikashuka robo palepale.

Warithi tulikuwa mimi, binti, mama mkwe na kaka mmoja wa marehemu, baba mmoja mama mmoja. Mali kubwa ni mikarafuu 48 aliyoachiwa na baba yake. Mimi 12, binti nusu yake 24, mama mkwe sudusi yake 8, kaka akachukua iliyobaki, 4. Kwenye karatasi ni rahisi. Shambani kuna mikongwe isiyotoa hata pishi moja, na kuna ile ya bondeni inayolemea matawi. Tulizunguka na kopo la chokaa asubuhi nzima, kila mti tukiukadiria, mpaka mama mkwe akachoka akakaa chini ya mwembe. Mwisho wangu ikawa 10 tu, lakini mizuri, na wote waliridhia.

Nyinyi wenzangu ilikuwaje?

Bi Kombo
Pole kaka. Mie ni mjane, nilipata thumni kwa kuwa tuna watoto. Wangekuwa hawapo ningepata robo. Mbona sisi hutuulizi?

Mgane wa Wete
Ahsante dada, lakini leo nauliza mume anaporithi. Fungua uzi wako, nitakuja.

Mtu wa Mkoani
Hapo umegawiwa sawa. Watu wengi huona mtoto lazima awe wa ndoa yenu. Mtoto ni wa marehemu, basi. Hata mjukuu anampunguza mume, babu yangu alipata robo kwa sababu ya mjukuu.

Karani Mstaafu
Mjukuu wa nani, bwana? Wa mtoto wa kiume, ndiyo, anasimama mahali pa baba yake na mume anashuka robo. Wa binti hamshushi. Nimeona bibi aliyeacha mume na wajukuu wa binti aliyemtangulia, mzee akapata nusu yake kamili, wajukuu wakalia. Kama bibi angeliwaandikia wasia mapema wangepata kitu, maana wao hawakuwa warithi na wasia kwa asiyerithi unakwenda mpaka thuluthi. Na watoto wa mke mwenza ndio kabisa: aliwalea yeye, lakini si wake katika mirathi, hawamrithi wala hawampunguzii mume.

Mgane, mahari ulimaliza kulipa?

Mtu wa Mkoani
Babu yangu alikuwa na mjukuu wa mtoto wa kiume. Nakubali.

Mgane wa Wete
Karani umenigusa penyewe. Sikumaliza. Ilibaki laki mbili, na kila mwaka nilimwambia "msimu ukija." Shehe akaiingiza kwenye mali ya marehemu kama deni ninalodaiwa. Kisha robo yake ikarudi kwangu, elfu 50, nikatoa laki na nusu kwa wenzangu. Binti alipohesabu 100,000 yake mbele yangu nilitazama mkeka. Deni la marehemu la kikundi, elfu 80, lililipwa kabla ya lolote kugawiwa.

Shangazi Makunduchi
Wewe angalau mliridhiana. Kwetu mume alidai nusu, watu wakanyamaza kuwa watoto wa kwanza wa marehemu wako Dar, hakuna aliyewataja. Walipokuja miaka mitatu baadaye, shamba lilikuwa limeshauzwa. Mpaka leo hawasemeshani.

Karani Mstaafu
Ndiyo maana nasema orodha ya warithi iandikwe kwanza, hata aliye mbali, mbele ya sheha na mashahidi. Hesabu watakufanyieni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mkibishana kuna mahakama ya kadhi. Lakini hesabu ni ya majina mliyoyapeleka. Mtoto asipotajwa, karatasi itatoka na nusu, na itaonekana safi kabisa.

Mgane wa Wete
Limebaki la nyumba. Kiwanja ni chake, tofali na mabati nilinunua mimi. Shemeji anasema nyumba yote ni mirathi.

Mtu wa Mkoani
Ukimjengea mkeo umempa.

Karani Mstaafu
Si lazima. Kutoa zawadi kuna kauli na kukabidhi. Aliyejenga akithibitisha gharama zake, zinatolewa kwanza ndipo kinachobaki kigawiwe. Lakini makadhi huangalia ushahidi, na mimi si kadhi. Una nini mkononi?

Mgane wa Wete
Risiti za mabati ninazo. Za tofali hakuna, tulifyatua wenyewe, yeye akichota maji.