Kupitia tafsiri ya mwenzangu bila kumwandikia upya: mnafanyaje?

fasiri_kondele (Kisumu)

Habarini wadau. Niko kwenye ofisi ndogo ya tafsiri hapa mjini. Kazi zetu nyingi ni vipeperushi vya afya na kilimo kutoka Kiingereza. Mkubwa wetu ameniagiza nipitie kazi za kijana aliyejiunga nasi karibuni, ila kwa sharti moja: nisimwandikie upya. Nitie alama, nitaje aina ya kosa, arekebishe mwenyewe. Kisa ni kwamba faili ikitoka kwangu huwa nyekundu tupu, naye anabofya Accept All Changes na kuendelea na mengine. Kosa la Jumatatu linarudi Alhamisi likiwa vilevile.

Sasa nina kipeperushi chake cha kurasa mbili kuhusu kuhara kwa watoto, kitakachogawiwa zahanati. Baadhi ya niliyoyaona:

1. "Mpe mtoto zinki kila siku hadi kuhara kukome." Asili inasema apewe kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma mapema.
2. Asili inasema maji ya ORS yaliyobaki yamwagwe baada ya saa 24. Sentensi hiyo haipo kabisa.
3. "Vidonge zote ziwekwe mbali na watoto."
4. "Zahanati hufungwa saa saba jioni." Asili ina saba ya Kiingereza.
5. "Changanya pakiti moja katika maji safi lita moja." Mimi ningeandika "katika lita moja ya maji safi".

Nikitia alama tu bila kuandika jibu, si nitakuwa kama ninamtega? Na kazi inatakiwa Ijumaa.

otis_mhariri

Ndugu, usijisumbue. Washa Track Changes, rekebisha kila kitu, kisha mwambie asome ulichobadilisha. Mtu hujifunza kwa kuona kilicho sahihi. Hayo mambo ya alama ni ya ofisi kubwa zenye muda. Hiyo namba 5 pia ibadilishe, yako inasomeka vizuri zaidi.

mpitiaji_nakuru

Otis yuko sawa kwamba mtu akiona sentensi nzuri anajifunza, lakini aiangalie kwanza. Faili yenye mabadiliko themanini haisomwi na mtu. Kati ya hayo themanini, lile la zinki limekaa jirani na koma uliyoihamisha, na yote mawili yana rangi moja nyekundu. Atajuaje lipi lingemdhuru mtoto wa mtu?

Fasiri, nakueleza ninavyofanya mimi. Nasoma tafsiri peke yake kwanza, bila Kiingereza, kama atakavyoisoma mama aliyekaa kwenye benchi la zahanati. Ninapokwama naweka alama tu. Ndipo nafungua asili na kulinganisha sentensi kwa sentensi. Ukianza na asili, Kiingereza kinakujazia mapengo na huoni tena pale Kiswahili kisipoeleweka. Kwenye duru ya pili ndiko utakakokuta namba 1 na 2, kwa sababu zote mbili zinasomeka safi kabisa. Sentensi iliyoachwa haikwaruzi sikio.

Aina za makosa ziwe chache. Sisi tuna sita: MA ni maana, PU ni kilichopunguzwa, ZI ni kilichoongezwa bila idhini, IS ni istilahi, SA ni sarufi na tahajia, DE ni desturi za mahali kama saa, tarehe na vipimo. Tulijaribu orodha ndefu zaidi tukaishia kubishana kosa ni la kundi gani badala ya kulisahihisha. Kando ya herufi andika uzito: dogo, kubwa, au la hatari. Uzito unapimwa kwa kitakachompata msomaji, si kwa jinsi kosa linavyokukera. "Vidonge zote" inakera mno, ila kila mama ataelewa. Hiyo ni SA, dogo. Zinki ni MA, la hatari: mtoto akipata nafuu siku ya tatu mama anaacha dawa, na zile siku 10 hadi 14 ziliwekwa ili zinki imsaidie pia asirudiwe na kuhara miezi inayofuata. Hiyo ya ORS ni PU, nayo ni ya hatari, maana maji yaliyolala yanaingia vijidudu na hicho ndicho kinachokimbiwa.

Namba 5 jiulize ni aina gani kati ya hizo sita. Huipati. Basi si kosa, ni mapendeleo yako. Iache, hata kama mkono unawasha.

mwl_kakamega

Hii mbona ndiyo kazi yetu ya kila siku! Sisi tunaosahihisha Insha tuna alama zetu za sarufi na za hijai, na kosa la hijai linaadhibiwa linapotokea mara ya kwanza tu. Mwanafunzi akikosea neno lilelile mara kumi haadhibiwi mara kumi. Fanya hivyo hivyo, kijana asikate tamaa. Halafu mpe alama ya mwisho juu ya karatasi, kwa mfano 14 kwa 20. Ataamka.

Nami nina swali langu: wanafunzi wangu wanaandika "vitu zote" hata baada ya kusahihishwa muhula mzima. Nifanyeje?

fasiri_kondele

Mwalimu, karibu, ila mimi sisahihishi insha. Hapa kuna maandishi mawili, na kosa baya zaidi linaweza kuwa ndani ya Kiswahili kitamu.

Mpitiaji, hapo kwenye mapendeleo umenigusa. Swali langu la jibu bado lipo. Kwenye zinki naandika nini hasa kwenye maoni?

mpitiaji_nakuru

Chagua maneno yenye kosa tu, "hadi kuhara kukome", si aya nzima. Bofya New Comment. Mimi ningeandika hivi:

"MA, la hatari. Soma tena asili mpaka nukta. Imetaja siku ngapi? Na inasema mama afanye nini kuhara kukikoma kabla ya siku hizo? Kwa ulivyoandika, ataacha dawa siku ya tatu."

Hujampa sentensi, lakini hujamtega. Umemwonyesha mahali, aina, pa kutazama, na kitakachotokea. Kuandika "MA" pekee ndiko kumtega. Na usiandike "hukuelewa". Andika sentensi inasema nini. Yaliyomo kichwani mwake huyajui.

Ya saa ni DE, kubwa. Muulize: "Mama akisoma hivi atafika zahanati wakati gani?" Atagundua mwenyewe kwamba ni saa moja jioni. Kwa sarufi ni tofauti, maswali yanachosha. Weka maoni mara moja, "SA, dogo: upatanisho wa KI-VI", kisha pengine popote pigia rangi tu bila neno. Ayatafute mwenyewe na kuyarekebisha.

Mwalimu ametaja jambo ambalo hata sisi hatujakubaliana: kosa linalojirudia lihesabiwe mara moja au kila mara? Neno la istilahi lililokosewa kila linapotokea ni uamuzi mmoja mbaya, kwa hiyo mimi nahesabu moja. Mwenzangu anahesabu yote, anasema mteja anayaona yote. Ila alama 14 kwa 20, hapana. Zipo ofisi zinazohesabu pointi, kosa dogo 1, kubwa 5, la hatari 25, lakini hesabu hiyo ni ya kuamua kama kazi itoke au irudi. Ukimpa kijana namba atatazama namba.

nyar_siaya

Mimi niko upande wa huyo kijana, maana nimewahi kupitiwa kwa herufi hizo. Ziliponisaidia ni pale mpitiaji alipozipanga. Aliniambia: "MA zako nne zote ziko kwenye sentensi zenye 'hata kama', 'isipokuwa' au 'kabla ya'." Ilikuwa kweli, nilikuwa nafasiri nusu ya kwanza na kukisia iliyobaki. Hakuna aliyeniona mjinga, nilijua tu pa kupunguza mwendo.

Na hizo KI-VI zake, kama ni wa kwetu, Dholuo haina ngeli kama za Kiswahili. Asiambiwe ni uzembe.

mwl_kakamega

Dada, sisi Waluhya tuna ngeli tele kwenye lugha zetu na watoto bado wanasema "vitu zote". Hiyo ni ya mtaani, usiisingizie Dholuo.

nyar_siaya

Haya mwalimu, tugawane lawama nusu kwa nusu.

otis_mhariri

Bado nauliza, Ijumaa je? Kijana akirekebisha vibaya Alhamisi usiku, nani anabeba mzigo? Mimi nimeona mtu akirekebisha sentensi moja na kuharibu mbili.

mpitiaji_nakuru

Hapo Otis una hoja, ndiyo maana usiyaache yote mikononi mwake. ISO 17100, kiwango cha huduma za tafsiri cha mwaka 2015, kinataka mtu wa pili alinganishe tafsiri na asili. Kisha ama arekebishe mwenyewe au ampendekezee mfasiri marekebisho, kama walivyokubaliana na msimamizi wa kazi. Njia zote mbili ni halali. Muda ukibana mimi nagawanya: ya hatari narekebisha mwenyewe papo hapo na kuandika maoni kwa nini, mengine namwachia. Akirudisha, sisomi kazi yote upya. Nasoma sentensi alizogusa pamoja na iliyotangulia na inayofuata, kwa sababu hapo ndipo marekebisho yanapoharibu.

Na ukikuta maoni yanazidi kumi na tano kwenye ukurasa mmoja, simama. Kazi hiyo haifai kupitiwa, inafaa kufasiriwa upya. Zungumza na mkubwa kabla hujamaliza siku nzima.

fasiri_kondele

Nimefanya jana jioni. Yale mapendeleo yangu niliyafuta kabla sijamtumia, na yalikuwa zaidi ya nusu ya alama zote. Zinki aliirekebisha vizuri: "Mpe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma." ORS ameirudisha. Saa ameandika "saa moja jioni (7)", nikamwambia aondoe mabano.

Lakini moja tumekwama. Chini ya miezi 6 mtoto hupewa nusu kidonge cha miligramu 20, na asili inasema kiyeyushwe kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Yeye ameandika "maziwa" tu. Nilimwekea PU, kubwa. Amenijibu kwamba kwa mtoto wa umri huo kila mtu anajua ni maziwa ya mama, kwa hiyo si kosa. Mimi naona mama anaweza kuchota ya ng'ombe. Mnasemaje?

nyar_siaya

Ya ng'ombe yatachotwa, nakuhakikishia. Ibaki PU.

otis_mhariri

Mimi ningeiita dogo. Muuguzi atamweleza mama dirishani akimpa dawa.

mpitiaji_nakuru

Muuguzi akiwepo. Kipeperushi kinasomwa nyumbani. Ila msishikane mashati juu ya kubwa au dogo, muda wa Ijumaa unakwenda. Arudishe hilo neno, uzito mtaujadili kazi ikishatoka.