PS4 Slim kwa betri ya gari: inveta inalia na kuzima baada ya dakika 20, nibadilishe nini?

Kibanda_Mwaloni
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaloni huku Buchosa, umeme wa gridi haujafika upande wetu. Nimefungua kibanda cha gemu: PS4 Slim moja na tivii ya inchi 32. Nina betri ya gari N70, nimeinunua mpya mwezi uliopita, paneli ya wati 100 na inveta iliyoandikwa wati 500, modifaidi. Betri ipo nyumbani kwa sababu ya usalama, kibanda kipo ng'ambo ya ukuta, kwa hiyo nimevuta waya wa mita 4 kutoka kwenye betri mpaka kwenye inveta.

Asubuhi betri inakuwa imejaa. Nikiwasha menyu tu, shwari. Wakianza mechi, kama dakika 20 hivi inveta inaanza kulia, baada ya muda inazima kila kitu. Jana ilizima dakika ya 85, watoto wawili wakadai hela yao nikawarudishia. PS4 nayo inachukua muda kukagua diski kila ikizimika hivyo. Pia inatoa sauti ya mvumo ambayo sikuwahi kuisikia nilipokuwa naitumia mjini. Nimeshauriwa ninunue inveta ya wati 1000. Ushauri wenu tafadhali, hela ni ya kubana.

Chuma_cha_Kahama
Mkuu, wati hazitoshi, halafu modifaidi haiifai PS4. Hizo 500 zilizoandikwa ni za kupanda mara moja, ukitumia mfululizo hesabu nusu yake. Chukua pyua ya 1000 umalize tatizo.

Mama Shani
Mimi wanangu wanacheza PS2 ile nyembamba, betri ndogo tu na wanakesha. Situmii inveta kabisa. Adapta yake imeandikwa 8.5V, fundi akanifungia kifaa cha kushusha 12 ya betri kuwa 8.5. Ya kwanza mjomba wao aliichomeka moja kwa moja kwenye 12, ikatoa moshi papo hapo. Kwa nini usifanye hivyo na wewe?

Fundi_Sengerema
Mama Shani, yako inawezekana kwa sababu adapta ipo nje. PS4 Slim ina pawasaplai ndani, inaingiza 220, hiyo njia hana.

Kijana, usinunue kitu bado. Chaji betri ijae, kisha wakiwa katikati ya mechi, si kwenye menyu, pima kwa mita volti kwenye vichwa vya betri, halafu pima kwenye skrubu za inveta. Niandikie namba zote mbili na unene wa waya.

Kibanda_Mwaloni
Nimeazima mita. Kabla ya kuwasha betri 12.6. Wakicheza, kwenye betri 11.9, kwenye inveta 10.6. Waya ni 1.5, ule wa taa za nyumba. Nimeshika, una uvuguvugu. Kibanio kimoja cha betri ndicho cha moto kabisa.

Nimepima na upande wa 220 nikapata 188. Je, inveta imeharibika?

Fundi_Sengerema
Jibu lako lipo hapo. Betri inatoa 11.9 lakini inveta inaiona 10.6. Volti 1.3 zimepotelea njiani. Inveta haijui hali ya betri, inajua kinachofika kwenye skrubu zake, na nyingi za aina hiyo hulia karibu na 10.5.

PS4 Slim ikiwa kwenye mechi nzito hula kama wati 80, tivii yako weka 35. Jumla 115. Inveta nayo inapoteza kidogo, kwa hiyo kwenye betri zinavutwa kama 135, sawa na ampea 12 au 13. Wati 500 zako zinatosha hata ukizikata nusu. Tatizo ni ampea 13 kupita kwenye waya wa 1.5 wenye mita 4 kwenda na 4 kurudi. Waya huo peke yake unaweza kula zaidi ya volti moja, na kibanio cha moto ni ishara kwamba hapo hakijashika vizuri.

Hamisha inveta, iweke karibu na betri, na urefu wote uwe upande wa 220. Huko zinapita nusu ampea tu, na waya wako huohuo wa 1.5 unatosha kabisa. Kati ya betri na inveta tumia waya wa 6, usizidi mita moja, toa vibanio ukaze kwa skrubu, na uweke fyuzi ya ampea 30 karibu na kichwa cha chanya. Usiifunge inveta juu ya betri ndani ya boksi moja, betri ikichajiwa inatoa gesi na cheche ni hatari.

Hiyo 188 usiihofu. Mita za bei ndogo zinakadiria kwa wimbi laini la gridi, zikikutana na modifaidi zinasoma chini.

Chuma_cha_Kahama
Kwenye waya nimekubali, sikuuliza urefu. Ila kwenye modifaidi sirudi nyuma. Huo mvumo anaousikia si wa kawaida.

Fundi_Sengerema
Si wa kawaida, kweli. Pawasaplai ya PS4 inageuza umeme kuwa wa mkondo mmoja kabla ya kitu kingine chochote, ndiyo maana inawaka. Lakini modifaidi inapanda kwa ngazi za ghafla, na pawasaplai inaumeza kwa mafunda makubwa badala ya kidogo kidogo. Ndipo mvumo na joto vinapotoka. Nimeona zikikaa kwa modifaidi mwaka na zaidi, na nimebadilisha pawasaplai mbili zilizokufa kwa wateja wenye modifaidi. Siwezi kuapa kwamba inveta ndiyo iliyoziua. Hela ikipatikana chukua pyua, lakini ya wati 300. Ile ya 1000 nyingi zinakula karibu ampea moja hata kama hakuna anayecheza, na wewe paneli yako ni ndogo.

Maana paneli ya wati 100 kwa siku ya jua zuri itakurudishia ampea-saa 25 hivi. Hapo ndipo mpaka wako: kama saa mbili za kucheza. N70 ni betri ya kuwashia gari, imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe. Ukiikausha kila siku mpaka alamu ilie, haitamaliza miezi mingi. Wakicheza ikasoma 11.5 kwenye betri, funga.

Kibanda_Mwaloni
Wakuu, nimerudi. Nimehamisha inveta, nimepata waya wa 6 kipande cha sentimita 80. Sasa wakicheza betri 11.9, inveta 11.8! Leo wamecheza saa 1 na dakika 50, nikazima mwenyewe betri ilipofika 11.5, alamu haikulia hata mara moja. Mvumo bado upo, lakini nyuma ya PS4 hakuna joto la kutisha. Pyua nitaiwekea akiba.

Swali moja: jirani ana N70 yake ya zamani, miaka mitatu. Nikiunga sambamba na yangu nitapata saa nne?

Fundi_Sengerema
Hapana. Ile ya zamani itainyonya mpya usiku kucha. Na paneli ni ileile, hizo saa nne utazipata siku ya kwanza tu.

Mvuvi_Kome
Mimi nimeunga mpya na ya zamani mwaka wa pili huu, taa na redio, hazijanisumbua.

Fundi_Sengerema
Taa na redio havivuti ampea 13, ndugu yangu. Zitenganishe usiku mmoja, asubuhi kabla ya jua upime kila moja peke yake, utuletee namba.