Mtu mmoja, ubia au kampuni: ukurasa wa kisheria wa mpango wetu umerudishwa

KaratasiNgumu

Wakuu, habari zenu. Mimi na mwenzangu tunafungua karakana ya kuchapa lebo na maboksi. Mashine ya kuchapa ni yangu, niliinunua mwenyewe, na tumekubaliana kuwa thamani yake ni asilimia 60 ya mtaji. Mwenzangu analeta fedha taslimu, asilimia 40 iliyobaki. Mimi nitashinda karakanani kila siku. Yeye ana ajira yake, atapita jioni kuangalia vitabu.

Tumeomba mkopo tukaambiwa tupeleke mpango wa biashara. Kurasa za soko na hesabu hazikuleta shida. Kwenye ukurasa wa kisheria niliandika sentensi moja tu: "Biashara ni kampuni ya dhima yenye ukomo inayomilikiwa na watu wawili." Ofisa wa mikopo karudisha, pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: "Nani anadaiwa?"

Kampuni yenyewe bado hatujaisajili. Nilinganishieni: nibaki kwa jina langu peke yangu, tufanye ubia, au kampuni? Na huo ukurasa unabadilikaje kwa kila chaguo?

TajiriMtarajiwa

Kampuni, mkuu, usijichoshe. Ikifilisika wanachukua vya kampuni tu, nyumba yako haiguswi. Hao wengine wote wanalala na madeni kichwani. Mwandikie huyo ofisa "inadaiwa kampuni", umemaliza.

Njia_Panda

Kusajili si kazi kubwa. Unatafuta kwanza kama jina halijachukuliwa, unajaza fomu, unalipa ada, unasubiri cheti. Usiogope.

KaratasiNgumu

Ahsante Njia_Panda, ila sijauliza namna ya kusajili. Nauliza nisajili nini, na niandike nini.

Mama_Vitambaa

Mwanangu, mimi nilikuwa na ubia na rafiki yangu wa siku nyingi, tunauza vitambaa. Hatukuandikishana kitu, tulikuwa kama ndugu. Siku moja kachukua mzigo mkubwa kwa mkopo, kasaini kwa jina la biashara, mimi sina habari. Baadaye kahama. Mwenye mzigo akaja kwangu. Namwambia sikusaini, ananiambia jina lililo kwenye risiti ni lenu nyote wawili. Nikalipa deni lote mpaka la mwisho, si nusu. Siupendi ubia hadi leo.

SheriaMezani

Pole sana mama. Huyo mwenye mzigo hakukuonea, kwa bahati mbaya. Katika ubia wa kawaida kila mbia ni mkono wa wenzake: akisaini jambo la kawaida la biashara, amewafunga wote, na mdai anaweza kumfuata yeyote kwa deni zima. Ulichobaki nacho ni haki ya kumdai rafiki yako sehemu yake, kama utampata.

Tajiri, ulichosema kina ukweli nusu. Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Salomon, mtengeneza viatu aliyeiuzia biashara yake kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Alikuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007, na sita zilizobaki zilikuwa za mkewe na watoto wao watano. Kampuni ikafilisika, ikadaiwa mahakamani kwamba kampuni ni Salomon huyohuyo kavaa koti. Majaji walikataa. Wakasema kampuni ni mtu mwingine na madeni yake si ya Salomon. Msimamo huo ndio unaofuatwa hadi leo katika nchi nyingi.

Wakopeshaji wanaijua habari hiyo kuliko sisi. Kampuni changa isiyo na mali ikiomba mkopo, wamiliki wake hutakiwa kusaini dhamana binafsi. Ukishasaini, kwa deni hilo nyumba yako imerudi mezani. Ukuta kati ya mali zako na madeni ya kampuni unabaki kwa wadai wengine, kama mwuza karatasi aliyekupa mzigo kwa mkopo. Kwa hiyo jibu la kalamu nyekundu si "inadaiwa kampuni". Jibu ni kampuni, pamoja na kila aliyeidhamini, kwa jina na kwa kiasi gani.

KaratasiNgumu, kubaki peke yako kunaupa mpango ukurasa mfupi kuliko yote: jina lako, jina la biashara, vibali, na kwamba mdaiwa ni wewe kwa mali zako zote. Lakini mwenzako umweke wapi? Ukiandika kuwa kakukopesha, weka mkataba wa mkopo na tarehe za kumlipa. Ukiandika kuwa kaleta mtaji na mtagawana faida, umeshaueleza ubia, na sheria inaweza kuwaita wabia hata kama ninyi hamkujiita hivyo.

KaratasiNgumu

Hilo la mwisho limenishtua. Nilidhani ubia ni mpaka mkasajili.

Tuseme ni ubia basi. Sisi si tutagawana 60 kwa 40 kulingana na mtaji?

SheriaMezani

Hapana, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Nchi zilizofuata sheria ya ubia ya Uingereza ya 1890 zina kanuni zinazojaza nafasi pale msipoandikiana. Faida mnagawana sawasawa, hata kama mitaji haikulingana. Mbia halipwi mshahara kwa kufanya kazi ya ubia. Na ubia usio na muda maalumu, mbia yeyote anaweza kuuvunja kwa kutoa taarifa.

Chukua faida ya 100. Bila mkataba unapata 50 na mwenzako 50, ingawa uliweka mtaji mkubwa na umeshinda karakanani mwaka mzima. Sasa andikianeni kwamba 30 za kwanza ni zako kwa ajili ya kazi, na zinazobaki zigawanywe kwa mtaji. Katika hizo 70 unapata 42, yeye 28. Jumla yako 72. Wabia ni walewale, faida ileile, tofauti imeletwa na karatasi.

Kwa mkopeshaji, ukurasa wa ubia usio na mkataba ni kama mtu kaacha mlango wazi. Ataona majina yenu wawili kama wadaiwa, sawa, lakini hajui nani anaruhusiwa kukopa kwa jina la biashara wala nini kinatokea mmoja akitoka. Mkifanya ubia, ukurasa useme hayo na mkataba uambatishwe.

Mhasibu_Mstaafu

Kijana, hakuna aliyekuuliza kuhusu mashine. Niambie: kwenye ukurasa wa hesabu, mizania, umeiweka wapi?

KaratasiNgumu

Kwenye mali za kampuni, mzee.

Mhasibu_Mstaafu

Na risiti yake ina jina la nani?

KaratasiNgumu

Langu.

Mhasibu_Mstaafu

Basi nadhani ofisa kaanzia hapo. Kurasa zako mbili zinagombana. Kampuni ni mtu mwingine, umeambiwa hapo juu, na mtu mwingine hawi na mashine yako kwa sababu tu umeiandika kwenye mpango wake.

Ukienda njia ya kampuni unaweza kuihamishia kampuni rasmi nayo ikakulipa kwa hisa. Hapo ndipo asilimia 60 zako zinapozaliwa, mashine inakaa kwenye mizania, na mkopeshaji anaweza kuichukua kama dhamana kutoka kwa kampuni. Lakini ujue kampuni ikianguka, mashine inakwenda na wadai. Unaweza pia kubaki nayo na kuikodisha kampuni. Hiyo inaikinga zaidi, ila itoke kwenye mizania, kodi ya mashine iingie kwenye matumizi ya kila mwezi, na asilimia 60 zako hazina tena cha kuzishikilia, maana hujaleta mtaji. Huwezi kuvuna huku na huku. Nimeona mipango mingi ambamo mashine ni mtaji kwenye ukurasa wa nne na imekodishwa kwenye ukurasa wa tisa.

Na mpate mthamini asiye mmoja wenu. Mwenzako analeta fedha zinazohesabika. Wewe unaleta chuma ulichokithamini mwenyewe.

TajiriMtarajiwa

Haya, lakini akichukua 60 ndiye bosi wa yote. Si ndiyo raha yake?

SheriaMezani

Wa mengi, si wa yote. Kwa kawaida azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo 60 zinatosha, na sehemu nyingi azimio hilo linatosha hata kumwondoa mwenzake kwenye ukurugenzi. Kubadili katiba ya kampuni ndiko kunakotaka azimio maalumu, mara nyingi asilimia 75. Hapo bila mwenye 40 haiendi. Ukurasa utaje mgao wa hisa, wakurugenzi ni nani, na benki anasaini nani. Mimi ningependekeza saini mbili kwa malipo yanayozidi kiasi mtakachokipanga, kwa kuwa mmoja wenu yuko pale jioni tu.

Swali moja, KaratasiNgumu. Umeshasaini chochote kwa jina la hiyo kampuni?

KaratasiNgumu

Pango la karakana. Nilisaini "kwa niaba ya kampuni".

SheriaMezani

Nilihisi. Kuna kesi ya 1866, ya Kelner na Baxter. Watu walinunua mvinyo kwa niaba ya kampuni ya hoteli iliyokuwa haijaundwa. Hoteli ikashindwa kulipa, mahakama ikasema waliosaini ndio wanaodaiwa, kwa sababu huwezi kuwa wakala wa mtu ambaye hajazaliwa. Hata kampuni kuja kukubali baadaye hakukuwaokoa. Baadhi ya nchi zimelegeza hapo kwa sheria zao, soma ya kwenu. Kwa sasa hesabu kuwa pango ni lako binafsi.

Usilifiche kwenye mpango. Andika kwamba mkataba wa pango umesainiwa na wewe, na kwamba kampuni ikishasajiliwa utafanywa mkataba mpya kati yake na mwenye jengo, wa zamani ukifutwa kwa maandishi. Hilo la kufutwa ndilo watu husahau, wakabaki wanadaiwa mara mbili.

KaratasiNgumu

Nimekaa na mwenzangu jana jioni. Tumeelekea kampuni. Mashine inaingia kwa hisa baada ya kuthaminiwa. Ukurasa sasa unaanza hivi:

"Kampuni haijasajiliwa hadi tarehe ya mpango huu. Mkopo utachukuliwa na kampuni baada ya kusajiliwa, si kabla. Mashine ni mali ya mwanahisa wa kwanza na itahamishiwa kampuni kwa hati kabla ya fedha za mkopo kutolewa. Mkataba wa pango umesainiwa na mwanahisa wa kwanza binafsi na utabadilishwa."

Tulipokwama ni dhamana binafsi. Mimi nasema tusaini wote. Yeye anasema ana 40, kwa hiyo adhamini 40 tu.

Mama_Vitambaa

Ana haki. Mimi nilikuwa na nusu nikalipa zima.

Mhasibu_Mstaafu

Hana haki. Fedha zikiingia zitafanya kazi ya wote.

SheriaMezani

Wakopeshaji hupenda fomu isemayo "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", maana yake wanaweza kumdai mmoja wenu yote. Kuweka kikomo kwa kila mdhamini kunawezekana, lakini kikomo hicho ni cha kuombwa kabla ya kusaini na kuandikwa kwenye dhamana yenyewe. Mkikubaliana ninyi wawili tu pembeni, mkataba huo utakusaidia kumdai mwenzako, hautamzuia mkopeshaji. Muulizeni ofisa kama atapokea vikomo viwili. Akikataa, itabidi mwenzako aamue kama bado anazitaka hizo 40.

KaratasiNgumu

Tuna miadi na ofisa Alhamisi. Mwenzangu kasema anakuja na kalamu yake mwenyewe.